Marudio ya Akiba au Mpaka Misuli Igome: Njia Inayomfaa Anayeanza Kunyanyua Vyuma



Swali la leo huulizwa karibu kila siku kwenye jimu zetu, na mara nyingi hujibiwa kwa kelele. Mtu amelala kwenye benchi, mikono inamtetemeka, wenzake wamemzunguka wakimwambia aongeze moja, aongeze nyingine, mpaka chuma kinagoma kupanda na mtu mwingine analazimika kukishika. Upande wa pili wa ukumbi yuko mwenzake anayefanya marudio yake kumi, anaweka chuma chini angali na nguvu za kufanya mengine mawili au matatu, anapumzika dakika mbili, kisha anaanza seti inayofuata. Wa kwanza hufanya mpaka misuli igome. Wa pili hubakiza marudio ya akiba. Tunataka kujua ni yupi anayejenga misuli zaidi, na hasa ni yupi anayepaswa kufuatwa na mtu aliyejiandikisha jimu wiki hii.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnipime nao tunavyoendelea. Anayeanza abakize akiba ya marudio mawili hadi matatu katika seti zake nyingi. Lakini akiba hiyo iwe ya kweli, na haiwezi kuwa ya kweli kwa mtu ambaye hajawahi kufika mwisho wa nguvu zake hata mara moja. Kwa hiyo kugoma kwa misuli kuna nafasi yake hata kwa mgeni: ni kipimo, na hutumika mara chache, mahali salama, mbele ya kocha.

Tuanze na kinachotokea ndani ya msuli, maana ubishi mwingi huisha hapo.

Msuli haufanyi kazi kama kitu kimoja. Nyuzi zake zimegawanywa katika vikosi, na kila kikosi kinaamrishwa na neva yake. Elwood Henneman, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha katika kazi aliyoanza kuichapisha mwaka 1957 kwamba vikosi hivi huitwa kwa utaratibu maalumu. Vidogo huitwa kwanza. Vikubwa, vyenye nyuzi nyingi, nguvu nyingi na uwezo mkubwa wa kunenepa, hungoja mpaka kazi iwe ngumu. Ukiinua kikombe cha chai, vikosi vidogo vinatosha. Ukiinua dambeli nzito, mwili unalazimika kuita karibu vyote.

Kazi huwa ngumu kwa njia mbili. Ya kwanza ni uzito wenyewe. Mtu akibeba takribani asilimia 80 ya uzito wa juu kabisa anaoweza kuuinua mara moja, vikosi vyake karibu vyote vimeshaitwa tangu rudio la kwanza au la pili. Njia ya pili ni uchovu. Akibeba uzito mdogo, tuseme asilimia 30, vikosi vidogo vitaanza peke yao, vichoke, na ndipo vikubwa viitwe kusaidia, jambo linaloweza kutokea kuelekea rudio la ishirini na kitu. Jambo jingine linaloambatana na uchovu ni kwamba chuma huanza kupanda polepole hata kama unasukuma kwa nguvu zako zote, na uzi wa msuli unaojikunja polepole huzalisha mvuto mkubwa kuliko uzi unaojikunja haraka. Mvuto huo ndio ishara kuu inayouambia msuli ukue.

Ukishalielewa hilo, utaona kwa nini marudio ya mwisho katika seti yana thamani, na utaona pia kwa nini lile la mwisho kabisa halina uchawi wa pekee. Mtu aliyebakiza marudio mawili kwenye uzito wa wastani au mzito tayari ameviita vikosi vyake vikubwa na tayari chuma chake kimepungua kasi. Ishara imeshatumwa. Rudio moja au mawili zaidi huongeza ishara kidogo, lakini uchovu unaoletwa nayo ni mkubwa.

Uchovu huo unalipwa papo hapo, kwenye seti inayofuata. Chukueni uzito ambao mtu anaweza kuufanya mara 12 kabla ya kugoma. Akigoma katika seti ya kwanza akapumzika dakika mbili, si ajabu seti ya pili ikaishia 8 na ya tatu 6. Jumla yake ni marudio 26. Mwenzake mwenye nguvu sawa anaacha akiba ya mawili, anafanya 10, kisha 10, kisha 9. Jumla ni 29, kwa uzito uleule, na marudio yake yote yakiwa na umbo zuri. Namba zitatofautiana kati ya mtu na mtu, ila mwelekeo ni huo. Na ikiwa siku hiyo kuna mazoezi mengine manne yanayofuata, tofauti inazidi kukua.

Imani ya kufika mwisho ina historia inayoheshimika. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa miguu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1945 alichapisha utaratibu wake wa kuwarudishia nguvu kwa vyuma vizito. Kipimo chake kilikuwa uzito ambao mgonjwa angeweza kuuinua mara kumi tu, ya kumi na moja ikishindikana. Mpaka leo tunaishi na seti zake tatu za marudio kumi. Lakini watu husahau sehemu ya pili ya utaratibu wake uliokuja kuenea: seti ya kwanza ilikuwa nusu ya uzito huo, ya pili robo tatu, na ya tatu pekee ndiyo iliyokuwa uzito kamili. Yaani mgonjwa alikaribia ukomo mara moja katika seti tatu. Baadaye, katika miaka ya 1970, Arthur Jones, aliyebuni mashine za Nautilus, alihubiri kwamba seti moja ikifanywa mpaka misuli igome kabisa inatosha. Kelele nyingi tunazosikia jimu leo ni mwangwi wa mahubiri yake, na ni haki kusema kwamba yeye alipendekeza seti chache sana. Vijana wetu wamechukua ugomaji wake wakauongezea seti tano.

Sasa tuangalie utafiti. Sitawarundikia tafiti, tatu zinatosha kwa kuanzia.

Wa kwanza ni wa Martin Refalo na wenzake nchini Australia, uliochapishwa mwaka 2024. Waliwachukua watu 18, wanaume na wanawake, ambao tayari walikuwa na uzoefu wa vyuma. Ujanja wao ulikuwa kwamba kila mtu alijilinganisha na yeye mwenyewe: mguu mmoja ulifanya kazi mpaka ugome, mguu mwingine ulibakiza rudio moja au mawili. Kwa wiki nane walitumia mashine ya kusukuma kwa miguu na ile ya kunyoosha goti. Mwishoni walipima unene wa misuli ya mbele ya paja. Miguu yote miwili iliongezeka kwa karibu milimita 1.8, bila tofauti ya maana. Mguu uliogoma ndio uliochoka zaidi na kupoteza marudio mengi zaidi kutoka seti ya kwanza hadi ya mwisho. Chakula ni kilekile, usingizi ni uleule, damu ni ileile, hivyo ni vigumu kuutafutia utafiti huo visingizio.

Wa pili unawahusu wageni, yaani watu wa aina tunayoizungumzia. John Sampson na Herbert Groeller, pia wa Australia, mwaka 2016 walitoa matokeo ya wiki 12 za kukunja mkono kwa uzito wa asilimia 85. Vijana wasio na uzoefu waligawanywa. Wengine walifanya marudio sita mpaka wagome, wengine wakaishia manne. Misuli ya mkono ilikua kwa kiwango kinachofanana, na nguvu pia. Walioishia manne walifanya kazi ndogo zaidi kwa theluthi nzima na hawakupungukiwa.

Wa tatu unatuwekea mpaka. Zac Robinson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida Atlantic walikusanya tafiti nyingi pamoja, na mwaka 2024 walionyesha kwamba kwa ukuaji wa misuli, kadiri seti zinavyokaribia ukomo ndivyo matokeo yanavyoelekea kuwa bora. Kwa nguvu hawakuona mwelekeo huo. Nawaomba msiupuuze utafiti huu, kwa sababu sisi wapenda akiba nasi tunaweza kujidanganya. Kubakiza mawili si sawa na kubakiza manane. Mtu anayefanya kila seti kwa raha, akishuka kwenye benchi huku anaongea kama aliyekuwa ameketi barazani, hajengi kitu kikubwa, na akija kulalamika miezi mitatu baadaye atakuwa na haki ya kulalamika.

Nimefika kwa anayeanza, na hapa nataka kukaa.

Mwili wa mgeni una sifa tatu zinazobadilisha hesabu. Kwanza, katika wiki za mwanzo sehemu kubwa ya nguvu anazopata inatoka kwenye ubongo na neva. Anajifunza kuita vikosi vyake kwa pamoja, anajifunza njia ya chuma, anajifunza kutulia chini ya uzito. Somo hilo huingia vizuri kwa marudio safi. Rudio la kumi na mbili, ambalo mgongo umepinda, magoti yameingia ndani na kiuno kimeachana na benchi, linamfundisha kupinda mgongo na kuingiza magoti. Kwenye skwati umbo lake linavunjika kabla misuli haijagoma, kwa hiyo hata akitaka kufika ukomo wa misuli hataufikia. Atafika ukomo wa ustadi, na hapo ndipo watu huumia.

Pili, msuli wa mgeni huharibika kirahisi. Felipe Damas na wenzake wa Brazili walitoa mwaka 2016 utafiti unaostahili kujulikana na kila kocha. Waliwafuatilia vijana wasio na uzoefu kwa wiki kumi na kupima ujenzi wa protini ndani ya misuli katika wiki ya kwanza, ya tatu na ya kumi. Wiki ya kwanza ujenzi ulipanda juu sana, kuliko nyakati nyingine zote. Ungedhani misuli inakua kwa kasi. Lakini uharibifu wa nyuzi nao ulikuwa mkubwa zaidi wiki hiyohiyo, na sehemu kubwa ya ujenzi ilikwenda kukarabati. Kuanzia wiki ya tatu uharibifu ulishuka sana, na ndipo kiasi cha ujenzi kilipoanza kuendana na ukuaji halisi. Maana yake kwa kazi yetu ni hii: mgeni anayegomeshwa siku ya kwanza, akashindwa kukaa chooni Jumatano kwa maumivu ya mapaja, ameongezewa ukarabati. Hajaongezewa msuli.

Na katika hali mbaya zaidi inakuwa ugonjwa. Nyuzi zikivunjika kwa wingi, vilivyomo ndani yake hummiminikia mtu kwenye damu na kwenda kuziumiza figo. Dalili zake ni misuli iliyovimba na kukakamaa, udhaifu usio wa kawaida, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea au ya koka. Joto na upungufu wa maji huongeza hatari, na sisi wa mwambao tunafanya mazoezi kwenye vyumba vyenye joto kali. Mtu mwenye mkojo huo hapewi mapumziko wala dawa ya maumivu. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, na aseme kwamba alifanya mazoezi makali.

Sifa ya tatu inawapa wapinzani wangu hoja yao nzuri kuliko zote. Mgeni hajui kuhesabu akiba yake. Mike Zourdos, naye wa Florida Atlantic, mwaka 2016 alijaribu kipimo cha kumi ambacho wengi wenu mnakitumia, ambapo kumi ni kugoma, tisa ni kubakiza moja, nane ni kubakiza mawili. Aliwalinganisha wazoefu na wageni kwenye skwati. Hata kwenye uzito wao wa juu kabisa, wageni waliinuka kwa kasi kubwa kuliko wazoefu na kuutaja mzigo kuwa mwepesi zaidi. Ukomo wao ulikuwa bado haujawa ukomo. Utafiti mwingine wa Brazili uliwauliza wanaume 160 wenye uzoefu wa benchi ni uzito gani wanaoutumia kwa marudio kumi, kisha ukawaambia wafanye kadiri wawezavyo. Wastani ulikuwa 16. Ikiwa wazoefu wanaishia kumi huku wakiwa na sita mfukoni, mgeni anayesema amebakiza matatu anaweza kuwa amebakiza saba.

Kwa hiyo wanaosema mgeni agomeshwe ili tuwe na hakika kwamba amefanya kazi, wameona tatizo la kweli. Dawa yao ndiyo kali kupita kiasi. Mgeni anahitaji kufundishwa kupima, kama anavyofundishwa kushika chuma, na upimaji huo unaweza kufanywa bila kumvunja.

Niwaonyeshe kwa mfano kamili. Tuseme dada wa miaka 26, mzima wa afya, hajawahi kushika chuma. Anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Anapewa mazoezi matano: skwati akiwa ameshika dambeli kifuani, kusukuma dambeli akiwa amelala kwenye benchi, kuvuta kebo akiwa ameketi, kuinama na kuinuka na dambeli mbili kwa ajili ya nyuma ya mapaja, na mashine ya kunyoosha goti.

Wiki mbili za kwanza anafanya seti mbili tu za kila zoezi, marudio kumi, kwa uzito ambao kocha anaona wazi angeweza kuufanya mara 14 au 15. Skwati yake ni ya kilo 8. Hapo hakuna anayejali sana kuhusu ukuaji. Anajifunza kushuka kwa sekunde mbili, kugusa chini bila kudunda, na kupanda. Akipata maumivu kidogo kesho yake ni kawaida. Yakizidi siku tatu, wiki inayofuata uzito hauongezwi.

Wiki ya tatu anaongeza seti ya tatu, na siku ya Ijumaa anapimwa. Kipimo kinafanywa kwenye mashine ya kunyoosha goti, kwenye seti ya mwisho ya zoezi la mwisho. Nimeichagua mashine hiyo kwa sababu hakuna chuma kinachoweza kumwangukia na mgongo umeegemea. Akigoma, vyuma vinashuka na mambo yanaishia hapo. Amewekewa kilo 20. Kocha anamwambia aendelee mpaka atakapohisi amebakiza mawili, aseme kwa sauti, kisha asisimame. Kwenye rudio la kumi anasema, "Mawili." Kocha anahesabu. Anafika 17 ndipo mguu unagoma katikati ya njia. Akiba yake ilikuwa saba, yeye aliisema mbili. Amekosea kwa marudio matano, na kosa hilo linaandikwa kwenye daftari lake bila kumcheka.

Kuanzia Jumatatu mashine inawekwa kilo 25. Sasa dada huyu ana kitu ambacho maelezo hayangempa: amehisi jinsi rudio linavyopunguza kasi lenyewe, jinsi msuli unavyowaka kisha unavyoendelea kufanya kazi licha ya kuwaka. Wageni wengi huuchukulia mwako huo kuwa ndio mwisho, hasa kwenye marudio mengi, kumbe mwisho uko mbele. Alama inayotegemewa zaidi ni kasi. Rudio linapochukua karibu mara mbili ya muda wa lile la kwanza kupanda, ingawa anasukuma kwa nguvu zote, akiba imebaki kidogo. Kocha aliyesimama pembeni anaweza kuliona hilo kwa macho bila kifaa chochote.

Wiki ya sita anapimwa tena kwa njia ileile. Anasema mawili kwenye rudio la 11, anagoma baada ya 14. Kosa limeshuka kutoka matano hadi moja. Hapo neno lake kuhusu akiba linaanza kuaminika, na kocha anaweza kulitumia kuongozea mazoezi mengine ambayo hayapimwi kwa kugoma, yaani skwati na kule kuinama na kuinuka.

Uzito unaongezwa kwa kanuni moja. Anafanya kazi kati ya marudio 8 na 12. Siku seti zote tatu zinapofika 12 na bado anasema kwa uaminifu kwamba yamebaki mawili, dambeli inayofuata inachukuliwa. Marudio yatashuka hadi 8 au 9, kisha yatapanda tena siku hadi siku. Skwati inaweza kwenda hivyo kutoka kilo 8 hadi 10, 12, 15, na kufikia wiki ya 12 yuko karibu na 20. Jimu nyingi ndogo hazina dambeli za katikati, zinaruka kutoka 10 hadi 15. Hapo kanuni inalegezwa: afike marudio 15 kabla ya kuruka.

Kuna ishara mbili za kwamba njia imepotea. Ikiwa wiki tatu zimepita uzito haujapanda wala marudio hayajaongezeka, na rudio la mwisho la kila seti linapanda kwa kasi sawa na la kwanza, akiba ni kubwa mno. Ikiwa seti ya tatu inashuka chini ya theluthi mbili ya seti ya kwanza, na siku ya mazoezi inayofuata hawezi kurudia alichofanya juzi, amekuwa akigoma bila kujua, au halali vizuri, au hali chakula cha kutosha. Kila kesi ina dawa yake, ndiyo maana daftari ni lazima.

Baada ya miezi mitatu hivi sina kinyongo na mtu anayetaka kufika mwisho kwenye seti ya mwisho ya kukunja mkono, ya mashine ya paja, ya kuinua mikono pembeni. Ni misuli midogo au mashine zenye kinga, na gharama yake ni ndogo. Skwati, kunyanyua chuma kutoka sakafuni na benchi ya baa vibaki na akiba ya moja au mbili hata kwa wazoefu. Na anayefanya benchi ya baa peke yake asifunge klipu, ili akikwama aweze kuinamisha baa upande mmoja sahani zitoke. Watu wamekufa kwa baa iliyowalalia shingoni.

Ipo hali moja inayobadilisha jibu langu, na nchini kwetu inawahusu wengi kuliko wanachama wa jimu. Ni yule anayefanya mazoezi nyumbani kwa pushapu, kwa madumu ya maji, kwa vyuma vya zege vilivyomwagwa kwenye makopo ya rangi. Uzito wake haubadiliki na mara nyingi ni mwepesi kwake. Thiago Lasevicius na wenzake wa Brazili waliuchunguza mguu wa mgeni kwa asilimia 80 na kwa asilimia 30 ya uzito wa juu. Kwenye uzito mkubwa, kugoma au kutogoma hakukuleta tofauti. Kwenye uzito mdogo, waliosimama mapema walikua kidogo kuliko waliofika mwisho. Mnaijua sababu kutoka kwa Henneman: bila uzito, ni uchovu peke yake unaoweza kuviita vikosi vikubwa. Kijana anayeweza pushapu 30 akaishia 15 kila siku anafanya mazoezi ya pumzi. Huyo afike mpaka limebaki moja au asibakize kabisa, na pushapu inaruhusu hilo, kwa sababu akigoma atalala tu kifudifudi sakafuni. Afadhali zaidi abadili zoezi liwe gumu: ainue miguu juu ya kiti, au avae begi lenye mchanga, mpaka ukomo wake urudi kuwa marudio 10 hadi 15. Hapo akiba ya mawili inarudi kuwa na maana.

Makocha, ombi langu kwenu ni la kazi ya Jumatatu asubuhi. Mgeni anapokuja, msimgomeshe ili kumwonyesha kwamba jimu yenu ni kali. Mwanzishieni daftari lenye safu nne: zoezi, uzito, marudio, na akiba aliyoitaja mwenyewe. Wiki ya tatu mpimeni kwenye mashine, wiki ya sita mrudieni, na muandike kosa lake mara zote mbili. Kosa likishuka hadi rudio moja juu au chini, mwacheni aongoze mazoezi yake mwenyewe.